Kwa mnaoanza kazi ya kupiga dawa: jueni msimu kwanza

Vijana mnaoingia kwenye hii kazi, simu za wateja zina msimu wake na ukiujua unakuwa ushahisi nini kimeingia ndani kabla hata hujashuka kwenye bodaboda. Huku Morogoro masika ni mende, kiangazi kikikaza ni sisimizi, na kuanzia mwezi wa saba mahindi yakishavunwa ni panya tu. Nitakaa zaidi kwa panya maana hapo ndo hela za wateja zinapotea bure.

Panya wa shamba, yule anayeitwa kitaalamu Mastomys natalensis, anazaa kwa kufuata mvua. Masika ikinyesha majani yanaota, mbegu zinakuwepo, jike anabeba mimba siku kama 23 tu na anaweza kutoa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja, sasa piga hesabu mpaka mwezi wa nane wapo wangapi. Halafu hapohapo watu wanavuna, wanafyeka, wanachoma mabua, shamba linabaki jeupe na chakula chote kimehamia kwenye magunia sebuleni kwa mtu. Na kama vuli ya mwaka uliopita ilinyesha sana, jiandaeni, maana wanapata nafasi ya kuzaa mapema zaidi na msimu unaofuata wanakuwa balaa.

Kuna mama mmoja nje kidogo ya mji, nyumba yake imepakana na shamba, alituita analia magunia yanatobolewa. Kuna jamaa alishamwekea sumu juu ya silingibodi, nikapanda kuangalia, vidonge vya sumu viko vilevile, havijaguswa hata na jino moja, na vumbi la kule juu halina alama ya mguu. Nikashuka nikamulika chini. Magunia yametobolewa kwa chini, kwenye kona nyuma ya magunia kuna shimo kwenye sakafu iliyopasuka na udongo mbichi umelundikwa pembeni. Hapo jibu lishapatikana. Panya wa kwenye kenchi ni mpandaji, mkia wake mrefu kuliko mwili, huyo ndo wa kuwekea sumu juu. Wa shamba anachimba, anatembea chini ameambaa na ukuta, mkia wake unakaribia kulingana na mwili, na jike akinaswa mgeuze uone tumboni (vaa glavu jamani, wana viroboto na magonjwa), chuchu zimejipanga mistari miwili mirefu, nyingi kuliko panya yeyote wa nyumbani.

Tulichofanya, magunia yakapandishwa juu ya chaga na kusogezwa mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, mitego tukaweka chini, mdomo ukigusa ukuta, chambo siagi ya karanga imechanganywa na unga, nyasi za nje zikafyekwa kuzunguka nyumba. Shimo hatukuziba siku hiyohiyo. Tuliliwekea majani makavu mdomoni, kila asubuhi mama anaangalia kama yamesukumwa, yalipokaa bila kuguswa siku kadhaa ndo tukajaza stilwaya na saruji. Mtu akichagua sumu mwambieni mapema kwamba zile za kuzuia damu kuganda zinachukua siku kadhaa, asije akakupigia kesho yake kwamba umemuuzia unga wa dona. Na vile vidonge vya gesi vya kuhifadhi nafaka USITUMBUKIZE kwenye shimo la nyumba wanayolala watu, vikipata unyevu vinatoa gesi na gesi hiyo inaua familia nzima usiku.

Mende wa masika nitasema kwa kifupi. Mvua kubwa inajaza chemba na makaro, wale wakubwa wekundu wanakimbia maji wanatokea bafuni na kwenye sinki, kwa hiyo ukipuliza jikoni ukaacha chemba umefanya kazi nusu, fungua mfuniko upige dawa kule na mteja aweke vichujio kwenye matundu ya sakafu. Wale wadogo wa kahawia hawajali mvua, hao wanaletwa na maboksi na friji za mtumba, na wanakaa jikoni mwaka mzima.

Sisimizi angalieni wamebeba nini mdomoni. Wakibeba vitu vyeupe kama punje za mchele wanahamisha watoto, maji yameingia kichuguuni, nje kukikauka wengi wanarudi wenyewe. Kiangazi utawakuta kwenye bomba linalovuja au chini ya mtungi, hapo fundi bomba anahitajika kabla yako. Siafu ndo wengine kabisa, mvua zikianza wanapita kwa msafara, watoe watoto na kuku waliofungiwa, waachie njia masaa machache, wakiondoka utakuta hata mende wameliwa.