Damu ya ctDNA baada ya upasuaji: subiri wiki nne, kisha soma jibu kwa hesabu

Kazi yangu ni ya maabara, upande wa damu, kwa hiyo ndugu wakipata karatasi ya majibu wasiyoielewa hunitumia picha yake. Iliyonifanya niandike leo ni ya shemeji yangu. Alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, daraja la tatu, maana tezi mbili za jirani zilishaguswa. Siku ya sita, kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, alitolewa damu ikasafirishwa nje ya nchi kupimwa ctDNA, yaani vipande vya DNA ya saratani vinavyoelea kwenye damu. Jibu likarudi: haikuonekana. Dada akanipigia, sauti imejaa furaha. "Sasa kemo ya nini tena, mdogo wangu? Si damu imeshasema?"

Nilimwambia kemo iendelee kama daktari alivyopanga, kwa sababu damu ile ilichukuliwa siku mbaya.

Hata mtu mzima kabisa ana vipande vya DNA kwenye damu, vinavyotoka kwenye seli zake zinazokufa kila siku, hasa chembe nyeupe. Saratani nayo inamwaga vyake humo humo, vikiwa vichache sana. Kipimo kinatafuta vile vyenye hitilafu ambayo seli za kawaida hazina. Habari njema ni kwamba vipande hivi havikai. Nusu yake huondoka ndani ya saa mbili hivi, kwa hiyo vya uvimbe uliokatwa huisha mapema sana, na kinachobaki wiki kadhaa baadaye kinatoka kwenye saratani iliyobaki mwilini. Ndiyo maana kipimo hiki kinafaa pia kufuatilia kama dawa inafanya kazi: saratani iliyosambaa ikiitikia dawa, namba hushuka ndani ya wiki chache, mara nyingi kabla picha ya CT haijaonyesha tofauti.

Tatizo la siku ya sita ni kidonda. Upasuaji mkubwa unaua seli nyingi za kawaida, na mwili ukiwa katika kupona unazidi kumwaga DNA. Kwa wagonjwa wa utumbo mpana, jumla ya DNA kwenye damu imeonekana kupanda kwa wastani wa kama mara tatu, na hali hiyo inaweza kuchukua hadi wiki nne kutulia. Kidonda kikipata usaha, au mshono wa utumbo ukivuja, ni busara kusubiri zaidi.

Hebu tufanye hesabu, namba nimezichagua mimi ila ziko karibu na hali halisi. Bomba la mililita 10 la damu linatoa kama mililita 4 za plazma, yaani majimaji yanayobaki chembe zikiondolewa. Tuseme kila mililita ina nanogramu 5 za DNA, basi tuna nanogramu 20. Nanogramu moja ni nakala kama 300 za vinasaba vyote vya mtu, kwa hiyo tuna nakala 6,000. Kama saratani iliyobaki inachangia nakala moja katika kila 10,000, ukitafuta hitilafu moja tu utapata wastani wa 0.6, na zaidi ya nusu ya mabomba hayatakuwa na kipande hata kimoja. Mashine iwe bora namna gani, haiwezi kuona kisichokuwemo kwenye bomba.

Ndiyo sababu vipimo vizuri vya kazi hii huanza na nyama ya uvimbe wenyewe. Vinasoma hitilafu zake, vinachagua nyingi, mathalani 16, kisha vinazitafuta zote kwenye damu na kutaka angalau mbili zionekane ndipo jibu liwe chanya. Kwa mfano wetu, 0.6 mara 16 ni kama vipande 10. Tuseme nusu inapotea kwenye maandalizi, vinabaki vitano hivi. Hapo uwezekano wa kuona viwili au zaidi ni kama asilimia 95. Safi.

Sasa rudi siku ya sita. Vipande vya saratani ni vile vile, lakini DNA ya kawaida imekuwa mara tatu: nanogramu 60. Kama maabara inaingiza nanogramu 20 tu kwenye mashine, theluthi mbili ya vipande vya saratani vimeachwa nje. Vile vitano vinakuwa viwili kasoro, na uwezekano wa kupata jibu chanya unaanguka hadi chini ya nusu. Mgonjwa ni yule yule na saratani ni ile ile.

Na hata ukisubiri, mpaka upo. Saratani iliyobaki ikiwa ndogo mara kumi zaidi, nakala moja kati ya 100,000, kipimo hicho hicho cha hitilafu 16 kitaiona chini ya mara moja kati ya kumi. Vivimbe vya saratani vya kwenye mapafu na vya kwenye utando wa tumbo navyo humwaga kidogo kuliko vya kwenye ini.

Timu ya Jeanne Tie huko Australia ilichapisha mwaka 2016 matokeo ya wagonjwa wa daraja la pili waliopimwa baada ya upasuaji. Miongoni mwa waliokuwa hawakupewa kemo, 14 walikutwa na ctDNA, na saratani ikarudi kwa 11. Wengine 164 hawakukutwa nayo, lakini ikarudi kwa 16 wao. Ukiangalia vizuri, waliorudiwa wengi walitoka kwenye kundi la majibu "mazuri". Kwa hiyo jibu chanya nalichukulia kwa uzito mkubwa, na jibu hasi nalichukulia kama hatari imepungua, basi. Katika utafiti wao wa baadaye, DYNAMIC, damu ilichukuliwa wiki ya nne na ya saba, na chanya moja ilitosha. Mpango huo naupenda kuliko bomba moja la haraka haraka.

Shemeji alitolewa damu tena wiki ya tano, kabla ya dripu ya kwanza. Safari hii ikaonekana, kwa kiwango kidogo sana. Kemo ilikuwa imeshapangwa kwa sababu ya zile tezi, kwa hiyo hakuna siku iliyopotea. Kwa daraja la tatu usiahirishe kemo ukisubiri majibu kutoka nje. Damu nyingine itachukuliwa akimaliza dozi, kwa sababu ikichukuliwa katikati ya matibabu, dawa inaweza kuinyamazisha saratani kwa muda bila kuimaliza.

Kabla hujalipa, uliza mambo machache. Kibloku cha nta chenye nyama ya uvimbe kiko wapi, na ililowekwa kwenye fomalini yenye bafa? Fomalini isiyo na bafa inaharibu DNA, na nimeona sampuli ikirudishwa kwa hilo. Damu itawekwa kwenye bomba gani? Bomba la kawaida la EDTA linatakiwa kuzungushwa kwenye mashine ya kutenga plazma ndani ya saa chache, la sivyo chembe nyeupe zinapasuka na kuongeza DNA ile ile tunayoikimbia. Kama sampuli inasafiri kwa ndege, taka mabomba yenye kihifadhi, na yasigandishwe. Uliza pia kama chembe nyeupe zako zitasomwa pembeni, kwa sababu watu wenye umri mara nyingi wana hitilafu zao za damu zisizohusiana na saratani, na kipimo kisichotumia nyama ya uvimbe kinaweza kuzidhania ni za saratani.

Kama pesa inatosha kipimo kimoja tu, mimi ningekiweka wiki ya nne au zaidi, na kipimo cha damu cha CEA pamoja na CT ningeziacha ziendelee kwa ratiba yake hata kama jibu ni hasi.