Barua rasmi kwa Mwalimu Mkuu, darasa la tatu

"Wanafunzi wangu wa miaka tisa wakiandika barua kwa Mwalimu Mkuu, inatoka kama ya kumwandikia bibi. Nianzie wapi?"

Mwalimu mwenzangu, anza na ombi la kweli. Tuseme bomba la kunawia mikono linavuja. Anwani na tarehe waandikie ubaoni wanakili kulia juu, na anwani ya Mwalimu Mkuu kushoto, chini kidogo. Nguvu yao ibaki kwenye sehemu hizi:

Ndugu Mwalimu Mkuu,

YAH: KUOMBA BOMBA LITENGENEZWE

Husika na somo tajwa hapo juu. Bomba lililo karibu na darasa letu linavuja tangu Jumatatu. Maji yanatuama mlangoni na wenzetu wanateleza. Tunaomba litengenezwe.

Wako mtiifu,
(sahihi)
Jina, Darasa la 3

Watoto hukwama kwenye salamu. Wataandika "Hujambo? Mimi sijambo", kwa sababu barua ya kirafiki ndiyo waliyoizoea. Waeleze kuwa hapa heshima inaonekana kwenye "Ndugu" na kwenye kwenda moja kwa moja kwenye jambo.

Kiini kijibu maswali matatu: kuna nini, kinatuathiri vipi, tunaomba nini? Mtoto akimaliza, mwenzake asome na kupigia mstari ombi. Asipoliona, barua haijakamilika. Mwishoni wengi huweka "akupendaye", au husahau sahihi. Kagua hapo kwanza.

Kisha barua moja ipelekwe ofisini kweli, na umwombe Mwalimu Mkuu awajibu kwa maandishi.