Fomu ya kujisajili: zuia kubandika, au acha?

*Kaka, habari za kazi. Natengeneza fomu ya kujisajili. Mkuu wangu anataka nizuie kubandika kwenye sehemu ya nenosiri na niweke kikomo cha herufi 16, ati ni kwa usalama. Mimi naona kama ni usumbufu tu, lakini sina hoja ya kumpa. Nimjibuje?*

Nzuri, ndugu yangu. Hoja ninazo, ila nitaanza na kisa kilichonipata mwenyewe, kwa sababu ndicho kilichonifanya niache kuvumilia fomu za aina hiyo.

Nilijisajili kwenye tovuti moja nikiwa na nenosiri la maneno sita niliyoyapata kwa kurusha dadu. Nikupe mfano wa umbo lake: `kinyozi mvuke tarabe saba ukungu chepeo`. Herufi 39 pamoja na nafasi. Nikalinakili kutoka kwenye kidhibiti changu cha manenosiri, nikabandika, fomu ikapokea, nikapongezwa kwa kufungua akaunti. Kesho yake naingia, naambiwa nenosiri si sahihi. Narudia, yale yale. Nikabadilisha nenosiri, likabandikwa jipya, nikafungiwa nje tena.

Kumbe fomu ya kujisajili ilikuwa na `maxlength="16"`, na ile ya kuingia haikuwa nayo. Nilipobandika, kivinjari kilikata kimya kimya kila kilichozidi herufi 16, kikapeleka kwenye seva `kinyozi mvuke ta`. Kwa kuwa kwenye skrini kunaonekana vidoti tu, nani atavihesabu? Nilikuja kugundua nilipofungua konsoli ya kivinjari nikauliza urefu wa kilichomo:

```js
document.querySelector('input[type=password]').value.length
```

Ikajibu 16.

Sasa tazama usalama ulivyopotea hapo. Orodha ya dadu ina maneno 7,776, kwa kuwa kila neno linachaguliwa kwa dadu tano. Maneno sita yanatoa michanganyiko ambayo idadi yake ina tarakimu 24. Kipande kilichobaki kilikuwa na maneno mawili na herufi mbili tu: hata ukikadiria kwa ukarimu, michanganyiko yake haifiki bilioni 41. Kwa mtu aliyeiba hifadhidata na kuibeba hadi kwenye mashine yake, hizo si nyingi hata kidogo. Mimi nilidhani nina ngome, kumbe nimepewa uzio wa makuti, tena bila kuambiwa.

Muulize mkuu wako hiyo 16 ilitoka wapi. Mara nyingi jibu ni safu ya hifadhidata iliyoandikwa `VARCHAR(16)`, na hilo lenyewe ni la kutisha, maana yake nenosiri linahifadhiwa lilivyo. Likipitishwa kwenye `bcrypt`, kanuni inayoligeuza nenosiri kuwa alama zisizoweza kurudishwa lilivyokuwa, kinachohifadhiwa ni mfuatano wa herufi 60, mtumiaji awe ameandika herufi 10 au 50. Nenosiri refu haliongezi hata baiti moja kwenye hifadhidata yako.

Kuhusu kubandika, utaambiwa mambo mawili. La kwanza, kwamba kukataza kubandika kunazuia roboti za wadukuzi. Hakuzuii. Anayejaribu manenosiri kwa maelfu hafungui ukurasa wako na kubonyeza vitufe. Anatuma ombi la `POST` moja kwa moja kwenye seva, na kizuizi chako cha `onpaste` hakimhusu kwa sababu kinaishi ndani ya kivinjari cha mtu mwema. Roboti huzuiwa kwenye seva, kwa kupunguza kasi ya majaribio.

La pili lina chembe ya ukweli: programu hasidi inaweza kusoma ubao wa kunakili. Inaweza, ndiyo. Lakini maandishi huingia kwenye ubao pale mtu *anaponakili*, kabla hata hajafika kwenye fomu yako. Ukimkatalia kubandika, siri imeshakaa pale, na wewe umemnyima matumizi yake halali tu. Vidhibiti vingi vya manenosiri hufuta ubao baada ya muda mfupi. Hilo ndilo tiba, na halipo mikononi mwako.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mtumiaji aliyezuiwa. Ana nenosiri la herufi 24 zisizo na mpangilio, na fomu inamlazimisha aliandike kwa kidole kwenye simu, halafu alirudie kwenye sehemu ya kuthibitisha. Ataandika mara ngapi kabla hajachoka na kuweka lile analolitumia kila mahali? Na hilo la kila mahali ndilo litakalovuja kutoka tovuti nyingine na kuja kujaribiwa kwako. Hata taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa 2017 ilishauri kubandika kuruhusiwe, na urefu wa angalau herufi 64 ukubaliwe. Toleo la 2025 likapandisha kima cha chini hadi herufi 15, pale nenosiri linapokuwa ulinzi pekee. Yaani kikomo cha mkuu wako kinakaribia kuwa kianzio cha wenzetu.

Kwa hiyo sehemu yako iwe hivi, bila `maxlength` wala `onpaste`:

```html
<input type="password" name="nenosiri" id="nenosiri"
       minlength="15" autocomplete="new-password">
```

Hiyo `new-password` inakiambia kidhibiti kwamba hapa panahitajika nenosiri jipya, kiweze kulitunga chenyewe. Kwenye fomu ya kuingia weka `current-password`. Ongeza kitufe cha kuonyesha kilichoandikwa, na ile sehemu ya kurudia nenosiri unaweza kuitoa kabisa.

Kikomo cha juu bado unakihitaji, ila kikae kwenye seva na kiseme wazi. Bila kikomo mtu anaweza kukutumia nenosiri la ukubwa wa kitabu akaichosha seva: mwaka 2013 watengenezaji wa Django, mfumo wa kujengea tovuti, walilazimika kutoa marekebisho kwa sababu nenosiri la megabaiti 1 lilichukua takriban dakika nzima kukaguliwa. Lakini likizidi, likatae na umwambie mtumiaji kwa nini. Usilikate.

Na hapa pana mtego unaowanasa hata wazoefu. `bcrypt` yenyewe husoma baiti 72 za mwanzo, na maktaba nyingi hazikuambii kwamba zilizobaki zimetupwa. Kiswahili cha kawaida hutumia baiti moja kwa herufi, kwa hiyo herufi 64 zinaingia vizuri. Lakini emoji moja mara nyingi hula baiti 4 au zaidi, basi pima kwa baiti. Kama unaanza mradi upya, chukua `Argon2id`, kanuni nyingine ya kazi hiyo hiyo, ambayo haina ukomo huo wa 72.

Ukimaliza, usiniamini mimi, jaribu. Fungua akaunti kwa nenosiri la herufi 39, toka, kisha jaribu kuingia ukiwa umefuta herufi ya mwisho. Ukiingia, kuna mahali linakatwa. Halafu bandika la herufi 80: ama fomu ilikatae kwa ujumbe unaoeleweka, ama ikilipokea, badilisha herufi ya 80 peke yake wakati wa kuingia. Mlango ukifunguka, anza kumtafuta `bcrypt`.