Mtaji mdogo, Busia hadi Kisumu

"Nina elfu thelathini, niko Kisumu. Nilete nini kutoka Uganda kupitia Busia?"

Dada, leta maharagwe ya njano. Bei yake Uganda hushuka mavuno yanapoingia, Juni na Julai, kisha tena kuanzia Desemba.

Hatari kubwa iko kwenye unyevu. Tuseme kilo imekufikia Kisumu kwa shilingi 110, nauli na wabebaji ndani, na unauza 120. Gunia la kilo 100 linakupa faida ya 1,000. Lakini kama lilikuwa na unyevu wa asilimia 17, likikauka hadi 13 linabaki kilo 95 hivi. Faida imeshuka hadi 400, na hapo fukusi hawajaanza.

Kwa hiyo beba chupa ya glasi iliyokauka na chumvi kavu. Tia maharagwe kidogo, tikisa vizuri, acha yatulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, achana na gunia hilo hata muuzaji akupunguzie.

Kuna kaka anayesema mpakani hakuna ushuru; ana ukweli nusu. Mazao ya Afrika Mashariki yasiyozidi dola 2,000 hayalipi ushuru wa forodha, ila omba cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale mpakani, na ukaguzi wa mimea uko palepale.

Kuna mama pia ameuliza kuhusu kuleta mahindi; hayo yana shida ya sumukuvu. Kenya iliwahi kuyazuia Machi 2021. Kama kuuza maharagwe Nakuru kungelipa zaidi ya Kisumu baada ya nauli, wa huko watuambie bei.