Hansadi haishtakiwi: kwa mawakili wapya mnaopokea kesi za kashfa

Wiki iliyopita kijana wetu wa ofisini aliniletea rasimu ya hati ya madai niipitie. Aya ya 5 ilianza hivi: "Kwamba mdaiwa, akichangia hoja Bungeni, alitamka maneno yafuatayo kumhusu mdai..." Nikaweka kalamu chini. Aya hiyo naijua, niliwahi kuiandika kwa mkono wangu. Na huyu ni kijana wa tatu kuniletea aya ileile ndani ya miaka miwili, kwa hiyo nawaandikia nyote.

1. Isomeni Ibara ya 100 ya Katiba yote, siyo nusu. Kila mwaka kuna anayeshika maneno ya mwanzo ya ibara ndogo ya (2), "Bila ya kuathiri Katiba hii au masharti ya sheria nyingine yoyote inayohusika", akadhani amepata mlango. Ibara ndogo ya (1) imeshaufunga: uhuru wa majadiliano Bungeni hauhojiwi mahakamani. Wala msihangaike kuthibitisha chuki. Nia mbaya huvunja kinga ya mwandishi wa habari au ya bosi aliyeandika barua ya utambulisho. Kinga ya mbunge ndani ya Bunge ni kamili, hata akisema uongo akijua ni uongo.

2. Muulizeni mteja mbunge alisema nini akiwa nje. Hapa ndipo nilipomwangusha mtu.

Alikuwa mkandarasi, mzee mpole, aliyetajwa Bungeni kwamba amekula fedha za barabara. Alikuja na nakala ya Hansadi ndani ya bahasha ya kaki, mstari umepigwa kwa wino mwekundu. Nikaiona kama dhahabu: maneno neno kwa neno, tarehe, jina la msemaji, muhuri. Mashahidi wa nini tena? Mzee akaniambia, "Mwanangu, na redioni alisema, siku ya pili yake, asubuhi." Nikamjibu kwamba hiyo tutaiweka kama nyongeza. Sikuuliza kipindi gani, wala nani alimsikia.

Wakili wa upande wa pili hakubishana nasi juu ya ukweli. Alileta pingamizi la awali lenye hoja moja, Ibara ya 100 pamoja na Sura ya 296, na shauri likatupwa kwa gharama. Miezi kumi ilikuwa imepita. Siku hiyohiyo nilikwenda kituo cha redio. Fundi mitambo, kijana mwenye adabu, akanionyesha rafu na kuniambia vipindi vya asubuhi hawavihifadhi zaidi ya miezi mitatu. Tulikuwa bado ndani ya muda wa kufungua madai mapya, lakini tungefungua kwa maneno gani? Kashfa inadai maneno yenyewe, na mzee alikumbuka maana tu. Alinishukuru, akakunja bahasha yake akaondoka. Hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

3. "Narudia niliyoyasema Bungeni" ni kauli mpya, iliyotolewa nje, na inashtakiwa. Vipi kuhusu "sifuti kauli yangu"? Someni kesi ya Jennings ya Nyuzilandi. Mwaka 1997 mbunge huyo alimtuhumu Bungeni ofisa wa Bodi ya Sufu; baadaye gazeti lilipomhoji, akasema harudi nyuma kwa habari ya tuhuma hiyo. Hakuitamka upya. Mwaka 2004 Baraza la Faragha, London, likasema anawajibika: kosa liko kwenye mahojiano, na Hansadi inafunguliwa tu kujua ni jambo gani alilokuwa akilithibitisha. Hapo ndipo mpaka ulipo. Hansadi inaweza kuonyesha kwamba neno lilisemwa. Haiwezi kutumika kumhoji mbunge kwa nini alilisema. Lakini msiende nayo mkidhani mmemaliza kazi. Kwetu hukumu hiyo inashawishi tu, haifungi, na Bunge la Nyuzilandi lenyewe liliifuta kanuni hiyo kwa sheria ya mwaka 2014. Mpinzani aliyesoma atawakumbusha.

4. Gazeti lililoripoti mjadala kwa usahihi na haki lina kinga yake; tazameni kichwa cha habari na maneno waliyoongeza wenyewe.

5. Mteja asiye na kauli ya nje mwambieni mapema, kabla hajalipa. Kanuni za Kudumu za Bunge zinamruhusu asiye mbunge kumwandikia Spika malalamiko yake. Fidia hapati, lakini jibu lake laweza kuingia kwenye kumbukumbu zilezile zilizomchafua.

Rasimu nimemrudishia kijana, aya ya 5 imekatwa. Nilimuuliza mbunge alisema nini alipotoka nje, akanyamaza kidogo, kisha akasema kuna mkutano wa hadhara na kuna mtu alirekodi kwa simu. Jana amesafiri kumfuata, ana kiapo tupu mkononi na maelekezo yangu: aandike maneno yalivyosemwa, na asiyasafishe.