Umekalishwa na usiowajua harusini? Mimi huanza hivi

"Wakuu, nimealikwa harusi na familia ya bibi harusi. Zaidi ya wao simjui mtu, na siku hiyo watakuwa wamebanwa. Nikiwekwa meza ya wageni, naanzaje maongezi?"

Mkuu, anza kwa kujitaja wewe. Ukimrukia mtu na "wewe ni nani wa maharusi?" unakuwa kama askari wa mlangoni. Lakini ukisema uhusiano wako kwanza, umeshampa cha kushika, na swali la upande gani kila aliyemo ukumbini ana jibu lake.

Harusi ya mwisho niliketi na mama mmoja mtu mzima. Nikamwamkia, kisha nikatulia hadi mshereheshaji aliposhusha kipaza sauti, maana juu ya muziki mnaishia kupigiana kelele za "eti?". Nikasema, "Mama, mimi nimekuja upande wa bibi harusi, nilisoma na kaka yake. Wewe uko upande gani?" Akajibu, "Wa bwana harusi. Huyu nimemlea mimi tangu darasa la tatu."

Hapo ndipo wengi huharibu, wanarukia "unafanya kazi wapi?" Mama kashasema *nimemlea*, neno analotaka kuulizwa ni hilo. Nikamuuliza, "Alikuwa mtundu?" Weee! Nikasimuliwa redio ya nyumbani iliyofunguliwa vipande vipande na ikabaki na skrubu tatu zisizo na pa kwenda. Vijana wa upande wa pili wa meza wakaanza kuchangia wenyewe.

Ila chunga ulimi. Kuna harusi nilimnong'oneza jirani, "Huyu mzee hotuba yake haina breki?" Akanijibu taratibu, "Ni baba yangu." Tulibaki na saa mbili za kutazama maua ya mezani. Siku hizi mavazi, chakula na hotuba sivigusi kabla sijajua nani ni ndugu wa nani.

Na kwa kuwa wewe ni wa upande wa bibi harusi, jiandae: wakwe watakuchimba. "Hao watu wakoje?" Wanauliza kwa tabasamu, lakini jibu lako litafika mbali. Toa jambo moja zuri la kweli, mfano jinsi walivyokupokea mara ya kwanza, halafu warudishie mpira: "Nyie mlikutana nao lini?"

Mtu akijibu neno moja mara mbili, hakuulizi chochote na macho yamerudi kwenye simu, mwache. Geukia wa upande mwingine, usimfuate wa ng'ambo ya meza utakayelazimika kumpazia sauti.

Maongezi yakikauka, mimi huaga, "Ngoja nikawasalimie wenyeji, narudi." Hao ndio ninaowajua, kwa hiyo si uongo, na nikirudi huwa nina salamu zao za kuleta mezani.