Majina kumi na moja, na punje 33 za tasbihi

Wiki iliyopita dada mmoja wa Lindi, msomaji wangu, alinitumia picha ya karatasi ya ukoo wao. Juu kabisa pameandikwa "Sultan Ali bin Hasan Shirazi", chini yake majina yanashuka mpaka kwa babu yake. Anauliza: "Kaka, tuna mkutano wa ukoo mwezi wa kumi, wazee wanataka tuichapishe kwenye fulana. Ni kweli sisi ni kizazi cha wafalme wa Kilwa?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi nami nilikuwa na karatasi kama hiyo.

Miaka sita iliyopita, kwenye harusi ya binamu yangu, nilisimama na kipaza sauti nikasoma shajara ya ukoo wetu kutoka kwangu mpaka kwa Ali bin al-Hasan mwenyewe, yule anayesimuliwa kuwa mfalme wa kwanza wa Kilwa kutoka Shiraz, Uajemi. Ami yangu alikuwa analia kwa furaha. Nilipokaa, mzee mmoja mwalimu mstaafu akaniita pembeni. Nikamwamkia, akanijibu marahaba, akatoa tasbihi mfukoni.

"Soma tena, polepole."

Kila jina akavuta punje moja. Nikamaliza kwenye punje ya kumi na moja. Akanionyesha zilizobaki mpaka kwenye alama ya punje 33. "Kila punje ni miaka thelathini, baba mpaka mwana. Thelathini na tatu zinakufikisha karibu na zama za huyo Ali. Hawa ishirini na wawili umewaacha wapi?"

Vijana waliokuwa karibu walisikia. Mpaka leo kuna binamu yangu ananiita "Sultani wa Kumi na Moja". Inaniuma, sikufichi.

Basi, dada yangu, kabla hujatazama kitu kingine, hesabu majina. Majina kumi na moja ni miaka 330 hivi. Yanakufikisha miaka ya 1690, wakati Wareno walishaivamia Kilwa tangu 1505. Thelathini si sheria, wako wanaozaa wakiwa wazee, kwa hiyo ongeza mpaka arobaini kama unataka kuwapendelea wazee wako. Bado karne tano hivi hazina watu. Na kuna ishara nyingine ndogo niliyoiona baada ya aibu ile: kwenye karatasi yetu majina matatu ya juu yameandikwa kwa kalamu ya bluu na mengine yote kwa nyeusi. Mwandiko ni uleule wa kaka yake babu, ila aliuongeza siku nyingine. Majina yangu matano ya chini nimeyathibitisha kwa hati za shamba, kaburi moja lenye maandishi, na daftari la ndoa. Jina la sita halina chochote. Hapo ndipo ukoo wangu unapoanzia.

Nikadhani nitaiokoa heshima yangu upande wa juu, kwa Ali mwenyewe. Nikaingia kwenye habari za Kilwa kwa hasira, na hapo ndipo nilipojifunza jambo lililonigharimu muda mwingi kuliko yote.

Kuna simulizi mbili mashuhuri za asili ya wafalme wa Kilwa. Moja ni ya Kiarabu, na nakala yake iliyobaki ilinakiliwa Zanzibar mwaka 1877 kwa ajili ya balozi John Kirk. Nyingine imo katika kitabu cha Mreno João de Barros kilichotoka 1552. Nilipoziona zote mbili zinataja Shiraz nikapiga kelele: mashahidi wawili! Haikuwa hivyo. Zote zimechota kwenye kisima kimoja, yaani habari walizosimulia watu wa Kilwa wenyewe, karne nyingi baada ya tukio. Watu wawili wakikuletea uvumi waliousikia kwa mtu mmoja, shahidi ni mmoja.

Tena tazama zinavyogombana. Ya Kiarabu inasema baba na wana sita waliondoka Shiraz na majahazi saba, kila moja likashukia mahali pake. Barros anasema aliondoka mwana mmoja, Ali, na majahazi mawili kutoka Hormuz, kwa sababu ndugu zake walimdharau kuwa mama yake ni mtumwa wa Kihabeshi. Halafu baba yake Ali, Barros anamwita Husein. Zinapopatana ni kwenye nguo: kisiwa kilinunuliwa kwa kitambaa. Hadithi ya kununua nchi kwa nguo ni tamu, lakini mwenye kutawala ndiye anayefaidika nayo, kwa sababu inamgeuza mgeni kuwa mwenye mali halali.

Kwa hiyo nikatafuta kitu ambacho ikulu haikukitunga baadaye. Sarafu. Kilwa walipiga sarafu nyingi za shaba, na zipo zenye jina la Ali bin al-Hasan, upande wa pili sifa za Mungu zinazokwenda kwa vina na jina lake. Sarafu hazina mwaka. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa, alimweka Ali karibu na 1200. Kisha mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ikafukuliwa hazina ya zaidi ya sarafu 2,000 za fedha za watawala wa pwani, Ali akiwemo, pamoja na dinari za dhahabu za ng'ambo zenye tarehe. Dinari hizo ndizo zilizowafanya wataalamu wamrudishe Ali nyuma, kwenye karne ya 11.

Basi Ali alikuwepo. Lakini sarafu inasema Ali, mwana wa Hasan, basi. Haisemi Shiraz, na jina la baba si lile la Barros.

Na hapa nilifanya kosa la pili, naomba usilirudie. Nikaingia kwenye nasaba za Wabuwaihi, waliotawala Shiraz karne ya 10 na ya 11, nikamkuta Ali bin al-Hasan! Nililala nikicheka. Asubuhi nikasoma vizuri: huyo ni Fakhr al-Daula, alitawala Ray na Hamadan, si Shiraz, akafa hukohuko 997. Ali na Hasan ni majina ya kila nyumba. Jina likilingana, dai pia mahali, tarehe na kifo, na kimoja kikikataa umwache mtu wa watu alale.

Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 hivi waliozikwa zamani kwenye miji ya pwani, Kilwa ikiwemo. Ulionyesha mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000, upande wa akina mama ukiwa wa Kiafrika zaidi na upande wa baba ukiwa na Waajemi wengi. Watu wa kwetu walisherehekea. Nami nilifurahi, maana simulizi ile ya Shiraz ina mfupa ndani yake. Ila mfupa huo ni wa wanaume wengi waliokuja na kuoa. Hautaji mfalme, wala haujazi punje zangu ishirini na mbili. Hata ukipima damu yako leo ukaona Uajemi, umempata baba wa zamani asiye na jina, hujampata Ali.

Nimemjibu yule dada hivi: jina la Ali lisiingie kwenye fulana. Aandike lile la juu kabisa lenye kaburi au hati. Nimemwomba pia anitumie picha nyingine, karibu zaidi, nione kama majina ya juu yana wino mmoja na ya chini. Amejibu kwamba karatasi anayo shangazi yake, na shangazi hataki iguswe.